Madoa ya jua usoni: jinsi picha ya chini ya mwembe inavyosafishwa

Wapiga picha wa Nyamagana, Mwanza, wanaijua vizuri adha ya saa saba mchana. Wahitimu wametoka ukumbini na majoho yao, familia imeshuka hadi ufukweni Capri Point, na kila mtu anataka picha yenye ziwa nyuma yake. Jua ni kali, kwa hiyo wote wanasogea chini ya mwembe. Kwa macho pale panapendeza. Kwenye picha, mama ana kipande cha jua kinachowaka juu ya shavu, kingine kimekata paji la uso, na pua imebaki gizani, ikiwa kama imepakwa rangi ya kijani kibichi.

Mwanza iko kiasi cha nyuzi mbili na nusu kusini mwa ikweta. Katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba jua la mchana husimama wima kabisa juu ya mji, na miezi mingine halipotei mbali sana na utosi. Ndiyo maana madoa huangukia zaidi paji la uso, pua, mashavu na mabega, yaani pale pale ambapo mtazamaji huanza kuangalia.

Kabla ya kuyaondoa, inafaa kujua madoa hayo ni nini hasa. Kila tundu dogo kati ya majani hufanya kazi kama tundu la kamera: hupitisha mwanga na kuchora chini taswira ya jua lenyewe. Wakazi wa Rujewa, wilayani Mbarali, waliweza kuliona hilo tarehe 1 Septemba 2016, siku ya kupatwa kwa jua kipete, kwa sababu jua linapobaki pete angani, madoa chini ya miti nayo hugeuka pete. Siku za kawaida taswira hiyo ni duara, na upana wake hutegemea umbali wa tundu: takriban sentimita moja kwa kila mita moja. Majani yakiwa mita tatu juu ya kichwa, kila doa lina upana usiopungua sentimita tatu hivi, na kingo zake zinafifia taratibu kwa umbali kama huo huo. Tawi likining'inia nusu mita tu kutoka usoni, kingo zinakuwa kali, zinafifia ndani ya nusu sentimita.

Hesabu hiyo ndogo ndiyo itakayoamua ukubwa wa brashi baadaye.

Mwaka 2020, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na wenzao wa Google walichapisha kazi kuhusu vivuli katika picha za uso, wakavigawa mafungu mawili. Kuna kivuli kinacholetwa na kitu cha nje, kama jani au ukingo wa kofia, na kuna kivuli ambacho uso unajitengenezea wenyewe: chini ya pua, kwenye tundu la jicho, chini ya kidevu. Cha kwanza kinaondolewa. Cha pili kikiondolewa pamoja nacho, uso hukosa umbo na kuwa bapa kama sahani. Fundi anayesugua kila penye giza mpaka pang'ae huwa anavifuta vyote viwili bila kujua.

Sasa ichukuliwe picha ya aina hiyo ya mhitimu na mama yake, chini ya mwembe, majani yakiwa kama mita tatu juu. Uso wa mama, kutoka kidevu hadi zilipoanzia nywele, una urefu wa pikseli 1,000. Swali la kwanza ni hili: kati ya mianga miwili iliyopo usoni, upi ubaki? Wengi hukimbilia kuinua sehemu za kivuli zilingane na jua. Hiyo ni njia ngumu. Kivuli ndicho kilichofunika sehemu kubwa ya uso, na kukiinua peke yake kunadai maski ya eneo zima. Madoa ni machache. Ni rahisi zaidi kuyashusha yaje kwenye kivuli, halafu uso mzima ukishakuwa wa mwanga mmoja, uinuliwe kwa pamoja.

Hatua ya kwanza ni kupima. Katika GIMP, ambayo haina malipo, kifaa cha `Color Picker` kikiwekewa `Sample average` kinasoma wastani wa pikseli kadhaa badala ya moja. Fundi anasoma ngozi ya kivulini, kisha ngozi ya ndani ya doa, sentimita mbili tatu kutoka pale, penye mwinamo ule ule wa uso. Tuseme kivuli kinasoma nyekundu 92, kijani 72, buluu 58. Doa linasoma 226, 168 na 128.

Namba hizo zinaeleza kwa nini kupunguza mwangaza peke yake hakutoshi. Nyekundu ya doa inabidi ishuke zaidi kuliko kijani, na kijani zaidi kuliko buluu, kwa sababu doa linaangazwa na jua lenye rangi ya joto, na kivuli kinaangazwa na anga la buluu pamoja na mwanga uliochujwa na majani. Anayeshusha chaneli zote kwa kiasi kimoja anapata doa lisilong'aa tena, lakini la rangi ya chungwa, na mtazamaji ataliona mara moja.

Kwa hiyo kila chaneli inashushwa kwa kipimo chake. Leya inarudufiwa, na kwenye nakala hiyo inafunguliwa `Colors > Levels`. Chini ya dirisha hilo kuna `Output Levels`, na namba ya kulia ndiyo inayobadilishwa. Nyekundu: 255 mara 92, gawanya kwa 226, ni 104. Kijani, kwa hesabu ile ile, ni 109. Buluu ni 116. Picha nzima inaingia giza, na hapo ndipo wengine huogopa wakarudi nyuma. Lakini doa lenyewe sasa linasoma kama kivuli kinavyosoma. Na kwa kuwa sifuri imebaki sifuri, vitundu vya ngozi na mikunjo midogo ndani ya doa vimeshuka kwa uwiano ule ule, havikufutika.

Leya hiyo inawekewa maski nyeusi, nayo inatoweka yote. Kisha kwa brashi nyeupe fundi anairudisha juu ya madoa tu. Hapa ndipo ile hesabu ya majani inapohitajika. Uso wa mtu mzima una urefu wa karibu sentimita 20, kwa hiyo katika picha hii sentimita moja ni pikseli 50 hivi. Doa lililotoka mita tatu juu lina ukingo unaofifia kwa takriban pikseli 140. Brashi yake iwe laini na pana, isiyo na ukingo wa kuonekana. Kama kuna tawi la karibu lililoacha mstari mkali shavuni, mstari huo unahitaji brashi nyingine ndogo, ya kufifia kwa pikseli 25. Kutumia brashi moja kwa madoa yote ndicho chanzo cha kazi nyingi zinazoonekana kama uso umebandikwa viraka.

Kosa la ukingo linajitangaza lenyewe. Pete ya giza ikizunguka mahali palipokuwa na doa, maski imevuka mpaka. Pete ya mwanga ikibaki, maski haijafika. Kuliona vizuri, picha ipunguzwe kwenye kioo mpaka iwe ndogo kama picha ya pasipoti, maana madoa yasiyoonekana kwa karibu hujitokeza kwa mbali. Kwa upande wa rangi, leya ya muda inayoongeza ukolezi wa rangi kupita kiasi itavionyesha visiwa vyote vya chungwa vilivyobaki. Ikishatumika, inafutwa.

Ngozi nyeusi ina jambo lake la pekee. Uso wenye jasho au mafuta hurudisha juu juu karibu asilimia 4 ya mwanga unaoupiga, na mng'ao huo hauna rangi ya ngozi, una rangi ya jua. Kiasi hicho hakibadiliki sana kati ya ngozi nyeupe na nyeusi, lakini ngozi nyeusi hurudisha mwanga mchache zaidi kutoka ndani, kwa hiyo sehemu ya mng'ao katika doa inakuwa kubwa. Ukishushwa kwa `Levels`, mng'ao hugeuka kijivu, kama majivu yamepakwa juu ya pua. Dawa yake ni leya mpya yenye modi ya `HSL Color`, inayopakwa kwa ukolezi mdogo rangi iliyochotwa kwenye ngozi jirani. Modi hiyo inabadilisha rangi na kuacha mwangaza ulivyo.

Yote haya yanategemea kwamba ngozi ilirekodiwa. Jua la wazi linakizidi kivuli cha kawaida kwa takriban stopu tatu, yaani mara nane, na chini ya mwembe mnene pengo linaweza kuzidi hapo. Kamera iliyopimia kivuli huacha madoa yaungue. Nyekundu ndiyo hufika 255 kwanza, kwa kuwa ngozi ya kila binadamu hurudisha nyekundu kuliko rangi nyingine. Nyekundu ikishakwama hapo, kijani kikaendelea kupanda, hesabu ya uwiano inadanganya, na doa likishushwa linakuwa la manjano iliyochanganyika na kijani. Faili la RAW mara nyingi huwa limehifadhi kidogo kilichopotea kwenye JPEG, basi urudi kwenye RAW kwanza. Zikiwa chaneli zote tatu zimefika 255, hakuna ngozi ya kurudisha. Kinachobaki ni kupandikiza kwa `Clone` kutoka sehemu nyingine ya uso ule ule, tena yenye mwinamo unaofanana, na `Heal` ije mwishoni kulainisha mshono.

Uso ukishakuwa wa mwanga mmoja, ndipo unapoinuliwa kwa `Curves`, na ukijani wa majani unaondolewa kwa kupima kitu cheupe kilichokuwa kivulini, kama kola ya shati. Kuinua huku kunafuatana na maski ya watu tu, la sivyo ziwa nyuma yao litapauka. Chenga za kivulini zitaonekana, na sehemu zilizokuwa madoa zitakuwa safi kuliko jirani zake, kwani zilipata mwanga mwingi. Chenga kidogo za kuongezwa pale zinaziba tofauti hiyo.

Shingo, masikio na mikono hushughulikiwa kwa utaratibu huo huo, maana uso safi juu ya shingo yenye madoa haumshawishi mtu. Majoho meusi na nyasi ni suala tofauti. Mtu aliyesimama juu ya ardhi yenye madoa ya jua, naye hana hata chembe ya mwanga huo, anaonekana kama amekatwa studio na kubandikwa Capri Point. Kwa hiyo leya ya marekebisho hupunguzwa hadi karibu asilimia 90 usoni, na doa moja au mawili laini huachwa begani.