Alikuwa Hajalipa au Hakuwa Amelipa?

Ukitaka kujua kama mwandishi wa Kiswahili ameiva, usimpime kwa msamiati mzito. Msomee pale anapokanusha kitenzi chenye sehemu mbili, yaani "kuwa" ikiwa mbele na kitenzi kikuu nyuma yake. Barua za serikali za mitaa, taarifa za vikoba na matangazo ya nyumba za kupanga kutoka Mbagala hadi Bunju yanaandikwa na watu wanaokizungumza Kiswahili tangu utotoni, na bado ni hapo wanapoteleza. Ulimi haukosei. Kinachokosea ni mkono, kwa sababu sauti ya h ya Dar es Salaam ni nyepesi, na katika ukanushi h ndiyo yenye kazi kubwa.

Nitunge mfano wa tangazo la nyumba moja ya kupanga huko Tandika, ambako wapangaji wanachangia mita moja ya luku:

"Juzi wapangaji wote hawakuwa hawajachanga hela ya luku, na mama mwenye nyumba alikuwa ajui. Angejua, hasingekuwa amesafiri."

Kila jirani ataelewa. Lakini mhariri mzuri anaona makosa matatu, na kila kosa lina chanzo chake.

Tuanze na la mwisho, maana ndilo rahisi. Kiswahili kina mahali pawili pa kuweka ukanushi. Ha hutangulia kiambishi cha mtenda: ha-wa-kuwa, ha-tu-takuwa. Si hukaa baada yake: a-si-ngekuwa, wa-si-pokuwa, wa-si-o-kuwa. Neno "hasingekuwa" limebeba vyote viwili kwa pamoja, ha mbele ya a, na si nyuma yake. Mwandishi alisikia kwamba jambo linakanushwa, akaongeza h kwa usalama. Sahihi ni "asingekuwa amesafiri". Wapo wanaosema "hangekuwa amesafiri", hasa Kenya, na hilo pia ni umbo kamili kwa sababu ha iko peke yake. La kudai ni kwamba mwandishi achague njia moja na aishike ukurasa wote.

Nafsi ya kwanza huwapotosha wengi hapa. Ha ikikutana na ni, zote mbili hugeuka si: sikuwa nimelipa, nilikuwa sijalipa. Kwa hiyo si ya "singekuwa" ni ha iliyojibadilisha, inakaa mwanzoni. Si ya "nisingekuwa" ni ile ya pili, inakaa baada ya ni. Anayeandika "hanikuwa" au "nilikuwa nisijalipa" amechanganya njia hizo mbili.

Kosa la "alikuwa ajui" ni la h iliyomezwa, na ndilo linalostahili kukaliwa muda mrefu zaidi. Kwa bahati njema, kitenzi chenye asili ya Kibantu kina shahidi wa pili: irabu ya mwisho hugeuka i. "Ajui" bila h bado inaonekana ni kikanushi kwa sababu hakuna "ajui" ya kukubali. "Ajafika" nayo inajifichua, kwa kuwa ja ya namna hiyo katika usemi wa kawaida huambatana na kukanusha. Msomaji atakereka, lakini hatapotea.

Sasa chukua kitenzi kama jibu, fahamu au samehe. Hivi havibadiliki mwishoni. Ukiandika "mama mwenye nyumba alikuwa ajibu barua", shahidi wa pili hayupo, na sentensi inasema kitu kingine kabisa: kwamba alitakiwa kujibu. "Alikuwa hajibu barua" inasema kwamba alizikalia kimya. Herufi moja imebeba mzigo wote. Ndiyo maana, ninapopima andiko la mtu, natafuta kwanza vitenzi vya namna hii. Aliyeviandika vyote kwa usahihi anaisikia h kweli. Aliyepatia "hajui" na kukosea "hajibu" anakumbuka tahajia ya maneno machache tu.

Upande wa pili wa ugonjwa huo ni h ya ziada. Mtu aliyeonywa kuhusu kumeza h huanza kuiweka hata isipohitajika, akaandika "fundi halikuwa amefika" akimaanisha alikuwa amefika. Tatizo ni kwamba "halikuwa" ni neno halali la ngeli nyingine: gari halikuwa limefika. Dawa ni kutazama sehemu ya pili. Gari lina li mbele na li nyuma, yanapatana. Fundi ana "halikuwa" mbele na "amefika" nyuma, hazipatani, basi h imejipenyeza. Lakini msomaji wa haraka anaweza kudhani mwandishi alitaka "hakuwa", na fundi aliyefika akahesabiwa hakufika. Kwenye madai ya malipo hilo si jambo dogo.

Limebaki kosa la kwanza, "hawakuwa hawajachanga". Hapa viambishi vyenyewe vimekaa vizuri, ila vimewekwa pande zote mbili. Ukanushi mmoja unafuta mwingine, na sentensi inaelekea kusema kwamba walikuwa wamechanga. Lazima upande mmoja uachwe, na uchaguzi wa upande ndio unaomtofautisha fundi na mwanafunzi.

"Walikuwa hawajachanga" hukubali kwanza kwamba kulikuwa na hali fulani, kisha huieleza: mchango ulisubiriwa, haujatoka. "Hawakuwa wamechanga" huikana hali ya kuchanga, na hufaa zaidi pale mtu amedai kwamba walichanga nawe unampinga. Katika mazungumzo ya kawaida tofauti ni ndogo. Ila weka neno "wote" uone. "Wapangaji wote walikuwa hawajachanga" ina maana moja: hakuna aliyetoa. "Wapangaji wote hawakuwa wamechanga" inaweza kusomwa hivyo, na inaweza pia kusomwa kwamba baadhi walitoa na baadhi hawakutoa. Yule aliyetoa hela yake mapema atalalamika, na ana haki. Kama maana ni hiyo ya pili, iandikwe waziwazi: "Si wapangaji wote waliokuwa wamechanga."

Basi tangazo letu, ikiwa kweli hakuna aliyetoa, lingesomeka hivi: "Juzi wapangaji wote walikuwa hawajachanga hela ya luku, na mama mwenye nyumba alikuwa hajui. Angejua, asingekuwa amesafiri."

Katika wakati ujao uchaguzi wa upande hubadilisha maana zaidi kuliko katika wakati uliopita, na waandishi wachache huliona. "Saa hizi atakuwa hajaamka" kwa kawaida si habari ya kesho. Ni makisio ya sasa hivi: nakisia bado amelala. Ukiuhamishia ukanushi mbele, "saa hizi hatakuwa ameamka", makisio yanabaki lakini yanakuwa makavu, kama jibu kwa mtu anayeng'ang'ania kupiga simu. Na ukiutaja muda ujao, "kufikia Ijumaa hatakuwa amelipa", umesema utabiri wenye uzito wa onyo, ilhali "kufikia Ijumaa atakuwa hajalipa" ni kama hesabu tu ya hali itakavyokuwa. Katibu wa kikoba anayeandikia mdaiwa achague la kwanza pale tu anapokusudia kumbana.