Kisigino kinachouma alfajiri: nyoosha kabla ya kukanyaga

Muuza nguo wa soko la Owino, Kampala, husimama juu ya saruji tangu asubuhi hadi jioni. Akiamka, hatua zake za kwanza humchoma kisiginoni. Akishatembea kidogo maumivu hupungua, lakini akikaa kisha akainuka hurudi. Mwendo huo wa maumivu ni alama ya kuumia kwa utando wa unyayo, ule mgumu unaotoka kwenye mfupa wa kisigino, upande wa ndani, hadi kwenye vidole. Ukibonyeza pale unapoanzia, mgonjwa hushtuka.

Tunapolala, unyayo huelekea chini na utando hukaa umejikunja. Hatua ya kwanza huuvuta ghafla kwa uzito wa mwili mzima, pale pale ulipochakaa.

Mwaka 2003 watafiti wa Rochester, New York, walichapisha jaribio la wagonjwa 101 wa maumivu sugu. Kundi moja lilinyoosha misuli ya shavu la mguu, jingine likanyoosha utando wenyewe. Baada ya wiki 8, kundi la pili lilikuwa na nafuu kubwa zaidi, hasa kwenye hatua za kwanza za asubuhi.

Zoezi lenyewe hufanywa ukiwa umeketi kitandani. Pandisha mguu unaouma juu ya goti la pili, shika vidole kwenye mashina yake, uvivute kuelekea muundi. Kwa mkono mwingine papasa unyayo: utando ukiwa umekaza kama uzi wa gitaa, umevuta sawasawa. Hesabu hadi 10, achia, rudia mara 10. Fanya hivyo mara 3 kwa siku, ya kwanza kabla mguu haujagusa sakafu. Anayekwenda chooni kwanza ndipo anyooshe, ameshauvuta utando kwa uzito wote.

Viatu hukamilisha kazi. Lugabire, ndala za matairi, hudumu sana, lakini nyingi ni bapa na ngumu, hazipunguzii kisigino mshindo. Kwenye marundo ya mitumba, kunja kiatu: kipindike penye vidole, si katikati. Nyuma pawe pagumu, na kisigino kiinuke kidogo kuliko mbele. Soli iliyolalia upande mmoja iache, hata kama ngozi inang'aa. Na nyumbani usitembee peku juu ya saruji.

Nafuu huja kwa wiki na miezi. Sindano ya steroidi hutuliza kwa muda, lakini yaweza kudhoofisha utando hadi ukachanika. Ukihisi ganzi, maumivu yakikuamsha usiku, au kisigino kikiuma kinapobanwa pande zote mbili, usiendelee kunyoosha tu. Nenda ukapimwe, kwa maana huenda ni mshipa wa fahamu uliobanwa au mfupa uliopata ufa.