Tundu moja, kazi mbili: mafaili yalivyotolewa kwenye simu iliyokufa tachi Kasansa

Simu ikianguka kioo kikapasuka, wengi huona kwamba kilichokufa ni simu nzima. Mara nyingi sivyo. Tabaka linalohisi kidole na tabaka linalotoa picha ni vitu viwili, hata kama fundi huvibadilisha kwa pamoja. La kwanza likifa, la pili linaweza kuendelea kuwaka kama kawaida: saa inaonekana, ujumbe unaingia, simu inaita, ila hakuna namna ya kupokea. Mafaili yote yamo ndani, salama kabisa, na mwenye simu anayatazama kupitia nyufa bila kuyafikia.

Kazi ninayoichambua hapa ilifanyika Kasansa, katika Halmashauri ya Mpimbwe mkoani Katavi, kwenye bonde la Ziwa Rukwa ambako mpunga ndio fedha ya watu. Mwenye simu ni mama anayekusanya mpunga kwa wakulima na kuuza kwa wanunuzi wa nje. Alikuwa na picha za kurasa za daftari la madeni, jumbe za sauti za WhatsApp alimopatana bei, na SMS za miamala ya fedha. Simu yenyewe ilikuwa ya Android 12, yenye tundu la chaji la Type-C. Picha ilionekana vizuri, lakini tachi haikujibu popote.

Neno la kwanza la fundi lilikuwa, "Usiizime, mama."

"Wenzako wameniambia niiflashi," akajibu mama.

"Ukiiflashi utabaki na simu, daftari lako litakuwa limekwenda."

Maneno yote mawili ya fundi yana sababu moja. Simu zilizotoka kiwandani na Android 10 au zaidi hulazimika kufunga data kwa ufunguo wa siri, na ufunguo huo haufunguki mpaka mwenye simu aingize namba yake ya siri. Simu ikizimwa na kuwashwa, alama ya kidole haikubaliki kwanza. Lazima namba au mchoro. Na kuiflashi kwa kufuta data kunaharibu ufunguo wenyewe, kwa hiyo hata kama chembe za data zingali kwenye kumbukumbu, hakuna wa kuzisoma. Ndiyo maana kung'oa chipu na kuisoma pembeni, mbinu iliyosaidia sana kwenye simu za zamani, haina faida kwenye simu hizi. Mlango ni mmoja tu: simu ifunguliwe na mwenyewe, ikiwa hai. Mama aliikumbuka namba yake, na hapo nusu ya kazi ikawa imekwisha.

Kilichobaki ni kumpatia kidole kingine, nacho ni mausi ya kawaida ya kompyuta. Simu nyingi za Android huitambua bila programu yoyote, mradi iunganishwe kwa kebo ya OTG. Kebo hiyo inatofautiana na ya chaji kwa jambo dogo: inaiambia simu iwe mkubwa, itoe umeme na kuongoza kifaa kilichochomekwa, badala ya kuongozwa na kompyuta. Kwenye Type-C ujumbe huo hutolewa na rezista ndogo iliyomo ndani ya plagi. Mausi ikichomekwa, mshale unatokea kwenye skrini. Namba ya siri inabonyezwa kwa mshale, tarakimu moja moja; aliyefunga kwa mchoro anashikilia kitufe cha kushoto na kuburuta kutoka nukta hadi nukta.

Kuna jambo la kuangalia hapa. Tachi iliyopasuka wakati mwingine haifi, inachanganyikiwa: inabonyeza yenyewe. Ukiona tarakimu zinajiingiza au kurasa zinafunguka bila mtu kugusa, acha kujaribu namba. Baada ya makosa matano mfululizo simu nyingi hukulazimisha kusubiri, na baadhi zina mpangilio wa kufuta kila kitu makosa yakizidi. Kama tachi ina utepe wake peke yake, fundi anaweza kuuchomoa kwanza. Kwenye simu ya Kasansa tachi ilikuwa imekufa kabisa, na kwa kazi hii hilo lilikuwa afadhali.

Baada ya kufungua, kazi ya kwanza ilikuwa kwenda kwenye mipangilio ya skrini na kurefusha muda wa kujizima hadi dakika 10. Hatua hii hurukwa mara kwa mara, halafu mtu anajikuta anaingiza namba ya siri upya kila baada ya nusu dakika.

Hapo ndipo fundo lenyewe la kazi hii linapotokea. Simu ina tundu moja. Mausi imelishika, na mafaili nayo yanahitaji tundu hilohilo ili yatoke. Ukichomoa mausi ukachomeka kebo ya kompyuta, simu inaanza kuchaji tu na kusubiri ubonyeze `File transfer`. Huna tena cha kubonyezea. Ukitaka njia ya `USB debugging`, nayo inaleta swali la ruhusa kwenye skrini mara ya kwanza inapokutana na kompyuta hiyo, na swali hilo halijibiki bila kidole. Watu wengi hukwama hapa na kusema mbinu ya mausi haifanyi kazi.

Fundi wa Kasansa hakutumia kompyuta kabisa. Alichukua habu ya USB, kile kigawio chenye matundu kadhaa, akaichomeka kwenye kebo ya OTG, kisha akaweka mausi tundu moja na flashi tundu la pili. Sasa simu ikawa na kidole na ghala kwa wakati mmoja. Alifungua programu ya mafaili, akashikilia kitufe cha mausi juu ya folda ya `DCIM` hadi ikachaguliwa, akabonyeza `Copy`, akaenda kwenye flashi, akabandika. Alichagua `Copy` kwa makusudi, si `Move`. Kuhamisha hufuta faili la asili baada ya kulipeleka, na flashi ikikatika katikati unaweza kupoteza pande zote mbili.

Jumbe za sauti zilihitaji kutafutwa. Tangu Android 11, WhatsApp huweka mafaili yake hapa:

```
Android/media/com.whatsapp/WhatsApp/Media
```

Ndani yake kuna `WhatsApp Voice Notes`, nayo imegawanywa katika folda ndogo ndogo, kila moja ikiwa na mafaili yanayoishia `.opus`. Fundi alinakili pia folda ya `Databases` iliyo kando ya `Media`. Humo mna mazungumzo yenyewe yakiwa yamefungwa kwa siri. Hayasomeki kwenye kompyuta, lakini yakiwekwa mahali palepale kwenye simu mpya kabla ya kusajili WhatsApp kwa namba ileile, programu inaweza kuyarudisha.

SMS za miamala ni habari nyingine, na hapa wengi huondoka wakidhani wamemaliza. SMS si faili unaloliona kwenye folda. Zimo kwenye sehemu ya simu isiyofikiwa kwa kunakili. Ilibidi kuwasha data, kuweka programu ya `SMS Backup & Restore` kutoka Play Store kwa mausi ileile, na kuiagiza iandike jumbe zote kwenye faili moja. Faili hilo ndilo lililonakiliwa. Majina ya simu pia: yanatolewa kutoka kwenye programu ya majina kama faili la `.vcf`, kisha yananakiliwa. Mfanyabiashara ambaye ushahidi wake wa malipo uko kwenye SMS akitoa picha peke yake, ameacha lililo zito.

Matatizo ya habu ni mawili. La kwanza ni umeme. Simu ndiyo inayolisha habu, mausi na flashi, na wakati huohuo haichaji kwa sababu tundu limeshikwa. Ichajiwe mpaka ijae kabla ya kuanza. Kuchaji hakuhitaji tachi. Umeme ukipungua utaona taa ya mausi inafifia au flashi inatoweka na kurudi, na faili lililokuwa njiani litafika pungufu. Dawa ni habu yenye chaji yake, au kunakili folda moja moja. La pili ni namna flashi ilivyopangwa. Ikiwa `FAT32`, simu takriban zote huisoma, lakini haipokei faili moja linalofika GB 4, kwa hiyo video ndefu itakataliwa. Ikiwa `NTFS`, simu nyingi zitasema haifai na kutaka kuifuta.

Kujua kama kazi imefanikiwa si kuona mstari wa kunakili umefika mwisho. Fundi alifungua maelezo ya kila folda kwenye simu na kwenye flashi, akalinganisha idadi ya mafaili na ukubwa wake. Kisha akaitoa flashi kwa `Eject`, akaichomeka kwenye simu nyingine, na mama akasikiliza jumbe kadhaa na kukuza picha za daftari mpaka tarakimu zikasomeka. Hapo ndipo simu ikaruhusiwa kuzimwa.

Mausi isipoleta mshale, usiharakishe kulaumu kebo. Baadhi ya simu, hasa za Oppo, Vivo na Realme, zina swichi ya OTG kwenye mipangilio, na ikiwa imezimwa huwezi kuiwasha bila tachi. Kwa hizo kompyuta ndiyo njia. Programu ya bure iitwayo scrcpy inaweza kupitisha mausi na kibodi ya kompyuta kwenye kebo ya kawaida, simu ikibaki mdogo, bila OTG na bila `USB debugging`:

```
scrcpy --otg
```

Unaendelea kutazama skrini ya simu yenyewe, ila unabonyeza kutoka kwenye kompyuta, na unaweza kuchagua `File transfer`. Simu ikibadili hali, muunganiko unaweza kukatika. Unaandika amri upya. Kwenye Windows njia hii wakati mwingine hukwamishwa na madereva. Kwenye Linux huwa nyepesi zaidi.

Picha nayo ikiwa imekufa, mausi haina maana kubwa, kwa sababu hujui unabonyeza wapi. Hapo mwombe fundi achomeke kioo kingine kwa utepe wake bila kukigandisha, mfungue simu, mnakili, kisha akitoe. Si lazima ununue kioo siku hiyo, ukipatana naye.

Kwa hiyo kama picha inaonekana na namba ya siri unaijua, usikubali simu yako iflashiwe kabla ya mausi na habu kujaribiwa. Na anayekuahidi kufungua simu ya kisasa bila namba ya siri huku data ikibaki, mwombe akuonyeshe kwanza faili moja likiwa limetoka, kabla hujamkabidhi simu.