Wastani Sio Alama ya C

Mwalimu wangu wa Kiswahili alikuwa na neno moja la kuizika insha ya mtu: wastani. Hukuanguka, hukupita vizuri, upo upo tu. Maana hiyo niliibeba mpaka ukubwani, na ndiyo iliyonikwamisha nilipoanza kusoma kitabu cha 22 kati ya vitabu 40 vya Ihyaa Ulumid-Din ya Ghazali, kile kinachoeleza namna ya kuizoeza nafsi na kutibu maradhi ya moyo. Humo, tabia njema ni ile iliyo wasat, yaani katikati. Ndiko wastani wetu ulikotoka. Nikajiuliza: sasa huyu mwanachuoni mkubwa anatuhimiza tuwe watu wa C?

Fikra yenyewe haikuanza naye. Aristotle ndiye aliyesema ushujaa unakaa kati ya woga na kujitupa hatarini ovyo. Plato naye alikuwa ameigawa nafsi mafungu matatu: akili, ghadhabu na matamanio. Miskawayhi, mtunza maktaba wa watawala wa Kibuwayhi aliyefariki mwaka 1030, aliyaunganisha mafundisho haya kwa Kiarabu katika Tahdhibul Akhlaq. Kila fungu la nafsi likapata fadhila yake: akili ina hekima, ghadhabu ina ushujaa, matamanio yana kiasi. Zote tatu zikipatana, inazaliwa ya nne, uadilifu.

Ghazali, aliyezaliwa Tus mwaka 1058, aliuchukua mpango huu karibu mzima. Na ni yeye huyu huyu aliyeandika kitabu kizima cha kuwabomoa wanafalsafa! Mwenyewe alijua watu wangemuuliza. Katika kitabu anachosimulia safari yake ya kutafuta ukweli, anatoa mfano wa asali iliyotiwa kwenye chombo cha mpiga chuku, yule anayewatoa watu damu. Mtu wa kawaida ataikataa kwa sababu ya chombo. Lakini chombo hakijabadilisha asali.

Mfano mtamu, ila mimi siuamini sana. Ukihamisha fikra kutoka Athene hadi kwenye kitabu cha dini, chombo huacha ladha yake. Hebu tuangalie mahali anapoimimina.

Anachukua aya ya 15 ya Sura ya Hujurat, inayowaeleza waumini wa kweli kwa mambo matatu: wameamini bila kuingiwa na shaka, wanapigana jihadi kwa mali zao, na kwa nafsi zao. Ghazali anaisoma hivi. Imani isiyo na shaka ni yakini, na yakini ni tunda la akili. Hiyo ndiyo hekima. Kutoa mali ni ukarimu, nao huja mtu akishayatawala matamanio yake. Kujitoa mwenyewe ni ushujaa, yaani ghadhabu inayotumika chini ya amri ya akili. Aya moja, mafungu matatu ya nafsi, kila moja na kiti chake. Mara ya kwanza nilifunga kitabu nikacheka kwa raha.

Mara ya pili nikahesabu. Fadhila ni nne, vipengele vya aya ni vitatu. Uadilifu umeachwa umesimama mlangoni. Halafu kuna jambo la ajabu zaidi: yeye mwenyewe anakiri kwamba uadilifu hauna ncha mbili. Ushujaa una woga upande mmoja na uhatari upande wa pili. Akili ikizidi inakuwa ujanja, ikipungua inakuwa ujinga. Lakini hakuna mtu mwadilifu kupita kiasi. Uadilifu una kinyume kimoja tu, dhuluma. Kwa hiyo fadhila inayozibeba nyingine zote haiingii kwenye kipimo cha katikati, wala haina kipengele chake katika aya hiyo. Hapo mshono unaonekana.

Msomaji mwingine angeishia hapo na kusema ndoa imevunjika. Nadhani angekosa kurasa bora za kitabu. Wanafalsafa walikuwa na swali gumu: katikati ni wapi, na nani anajua? Ghazali anajibu kwamba katikati ya kweli ni nyembamba kuliko unywele na kali kuliko upanga. Kila aliyelelewa Kiislamu anaitambua sifa hiyo mara moja: ndivyo inavyoelezwa Sirati, daraja la kuvukwa Siku ya Kiyama. Wastani wa Aristotle umegeuka daraja juu ya moto. Na kwa kuwa hakuna anayeweza kusimama hapo muda mrefu, Ghazali anasema, ndiyo maana mja ameamriwa kuomba njia iliyonyooka mara 17 kwa siku. Hesabu rakaa za faradhi: Alfajiri 2, Adhuhuri 4, Alasiri 4, Magharibi 3, Isha 4. Kila rakaa ina Fatiha, na ombi hilo limo ndani yake.

Hapa aya haikubandikwa kama stika juu ya falsafa. Imebadilisha jambo lenyewe. Kwa Aristotle, ukishakuwa mtu mwema, tabia yako imetulia. Kwa Ghazali, hata mwema anaomba tena baada ya saa chache, kwa sababu huenda ameshateleza. Tuseme kondakta amekupandishia nauli mvua ilipoanza. Ukinyamaza, ni subira au ni woga? Ukimfokea, ni ushujaa au ni kujionyesha mbele ya abiria? Kwa nje, matendo yanafanana. Wewe mwenyewe ndani huna hakika. Wastani huu si C. Ni mtihani unaorudiwa kila siku.

Palipobaki kuniuma ni kwenye mazoezi yenyewe. Ghazali anasema mwandishi wa hati nzuri huanza kwa kuiga mkono wa bingwa mpaka mkono wake uzoee, na tabia ni vivyo hivyo. Kisha anasimulia habari za waliojitibu kwa kinyume cha maradhi yao. Mmoja alijiona mwoga, akawa anapanda chombo baharini majira ya baridi, mawimbi yakiwa yamechafuka. Mwingine alimlipa mtu amtukane hadharani ili ajifunze kuvumilia.

Nimemfikiria sana huyo aliyelipwa. Kila tusi linamjenga mwajiri wake. Yeye je? Kama mkono unaoiga hati unazoea hati, basi mdomo unaotukana kwa malipo unazoea matusi. Kwa kanuni ya Ghazali mwenyewe, mtu huyu anaharibiwa ili mwenzake atengenezwe, na simulizi haimgeukii hata mara moja. Hiyo si kasoro ndogo. Ni uadilifu ule ule tuliouacha mlangoni, unabisha hodi.

Ndiyo maana namrudia Miskawayhi, ambaye kwa kawaida huonekana mkavu kando ya Ghazali. Yeye anasema aliyejitenga na watu hana fadhila: atakuwaje mkarimu, au mwadilifu, naye hana wa kumpa wala wa kumdhulumu? Anaisoma sheria ya dini kwa jicho hilo: swala tano zinawakutanisha majirani, Ijumaa inaukutanisha mji, idi mara mbili kwa mwaka inawakusanya wa mjini na wa mashambani, na hija inakusanya watu wa nchi za mbali. Kwake yeye, ibada inawazoesha watu kupendana.

Kwa hiyo nasoma vitabu viwili kwa pamoja. Ghazali ananifundisha kuishuku subira yangu ndani ya matatu. Miskawayhi ananikumbusha kwamba kondakta naye ana nafsi.