Maombi tisini, nafasi tisa: fundi alivyofunga oda za Idi

Fundi mmoja wa Tanga ninayemfahamu aliweka picha ya gauni la satini kwenye status ya WhatsApp usiku wa kuamkia tarehe 15 Ramadhani. Asubuhi alikuta meseji karibu 90.

Hakujibu hata moja kabla ya kuhesabu. Yeye na msaidizi wake humaliza magauni 3 kwa siku. Ukiondoa Ijumaa, zilibaki siku 12 za kazi. Akatenga 2 za marekebisho, kwani kila Idi lazima litokee gauni linalobana kifuani. Siku 10 ni magauni 30. Mkononi alikuwa nayo 21, kwa hiyo nafasi zilikuwa 9 tu.

Kisha akafunga mlango wa pesa. Chini ya picha alikuwa ameandika namba ya M-Pesa, na watu 6 walikwishatuma kianzio bila kuuliza. Mafundi wengi hunasa hapo hapo: pesa ikiingia, mteja anajihesabu amepokelewa. Akaifuta picha, akaiweka upya bila namba, na mstari wa kwanza ukasomeka: "Oda za Idi zimejaa." Nafasi 9 alizigawa kwa saa ya meseji, si kwa aliyetuma pesa. Wanne kati ya wale 6 walipata. Wawili waliobaki walirudishiwa kila mmoja chake siku hiyo hiyo, pamoja na tozo.

Status hupotea baada ya saa 24, lakini picha iliyoingia kwenye magrupu huendelea kutembea. Kwa hiyo aliweka jibu la kujituma lenyewe kwenye WhatsApp Business: "Habari dada, asante kwa kuipenda kazi yetu. Oda za Idi zimejaa, sitaweza kukushonea vizuri kwa siku zilizobaki. Tunafungua tena Jumatatu ya pili baada ya Idi. Kama ni la Idi hii, niambie nikuelekeze kwa fundi mwenzangu."

Tazama kisichokuwemo: "nitajaribu." Masikioni mwa mteja, neno hilo ni ndiyo. Mwenye kitambaa akiambiwa hapana tarehe 15, bado ana muda wa kupata fundi mwingine. Akiambiwa tarehe 27, atavaa gauni la mwaka jana, na hatakusamehe. Nawe hutakuwa na la kujitetea.

Kosa lake lilikuwa kuwasahau wale 21 wa mwanzo. Nao waliiona picha ikizagaa, wakaogopa kusukumwa nyuma, na kwa siku mbili simu zao zilimtoa kwenye cherehani mara kwa mara. Zilitulia alipomtumia kila mmoja tarehe yake ya kujaribisha. Ujumbe huo ulipaswa kutoka asubuhi ile ile, kabla ya kuwajibu wageni.

Gauni la 30 lilichukuliwa usiku wa tarehe 28, likiwa limepigwa pasi.