Jibu na Mpaka Wake

Mlinganyo y' = y² unasema jambo moja tu: kasi ya kukua kwa y ni sawa na mraba wa y yenyewe. Upande wa kulia hakuna asili inayoweza kuwa sifuri, wala kipeuo kinachokataa namba hasi. Ukiutazama, huoni hatari popote.

Tuanze t ikiwa 0 na y ikiwa 1. Tukitenganisha vigeu na kutumia sharti hilo la mwanzo, tunapata y = 1/(1 − t). Fundi mwenye haraka huweka kalamu chini hapa. Mwenye subira huuliza jibu hili linafaa kwa t zipi. Kadiri t inavyoikaribia 1, y hupaa bila kikomo. Kweli, ukiweka t = 2 fomula hukupa −1, lakini tawi hilo halikutoka mwanzo wetu; hakuna njia isiyokatika inayolifikia. Jibu kamili ni fomula pamoja na sharti t < 1.

Badilisha mwanzo, na mpaka nao huhama. Ukianza na 10, jibu hulipuka t ikiwa 0.1. Ukianza na 0, hudumu milele. Ndiyo maana kuukagua mlinganyo peke yake hakutoshi.

Nadharia ya Picard na Lindelöf huahidi kwamba jibu lipo, na ni moja tu, karibu na mwanzo. Ukikokotoa ahadi hiyo hapa, kwa ubora wake wote inafika t = 1/4. Pale y ni 4/3. Ukiianza nadharia upya kutoka hapo, hukupa 3/16 nyingine. Kila mara unapewa robo ya muda uliobaki, basi unaweza kuendelea bila mwisho na usiifikie 1. Napenda uaminifu huo: nadharia haijawahi kuahidi kisichokuwepo.

Hesabu za kompyuta hazina uaminifu huo. Njia ya Euler, kwa hatua za 0.1, hufika t = 1 ikiwa na y takriban 6.13, kisha huvuka kana kwamba hapana kitu. Dalili huonekana ukipunguza hatua kwa nusu: mahali salama namba hutulia, ila hapa huzidi kukua kila unapopunguza.

Dawa nzuri kuliko zote ni kubadilisha kigeu. Weka u = 1/y, na mlinganyo unakuwa u' = −1. Sasa u inaanzia 1 na kushuka kwa mstari ulionyooka hadi sifuri, t ikiwa 1 kamili. Euler yuleyule, kwa hatua zilezile pana, hapa hakosei hata kidogo. Na pale u inapogusa sifuri ndipo uhalali wa y unapokoma.