Ufagio Mmoja, Fagio Tatu

Asubuhi moja nilikaa nyuma ya darasa la pili nikamtazama mwalimu wa makamo akimwaga kadi 24 juu ya mkeka. Alikuwa amezikata mwenyewe kutoka maboksi ya sabuni na kuzichora kwa mkaa. Hazikuwa na neno hata moja, picha tu: kitu kimoja kwenye kadi hii, vitatu kwenye mwenzake. Vikapu vilikuwa vinne, kila kimoja na jozi yake ya mfano: mtoto na watoto, mti na miti, kiti na viti, ukuta na kuta.

Watoto wa miaka minane hufuata mwanzo wa neno. Kadi za mpishi na mkoba, kwa kuwa majina yote mawili yanaanza na m, walizitupa kikapu kimoja. Mwalimu hakukemea. Aliwaambia waitaje kwanza kadi ya wingi. “Wapishi!” “Mikoba!” Masikio yao yakazitenganisha yenyewe, kwa sababu ngeli iliyojificha katika umoja hujitokeza katika wingi. Kiboko na chura hakuwachora kabisa. Umbo lao ni la kiti na viti, lakini tunasema viboko wanaogelea, si vinaogelea, na hilo alikuwa amelihifadhia wiki nyingine.

Kisha binti mmoja akaokota picha ya ufagio wa chelewa. Akasema bila kusita, “Fagio hii, mafagio haya.”

Mwalimu alinyamaza kidogo. Akachukua jozi ya ukuta, akailaza kando ya ile ya binti. “Hii ni nini, mwanangu?” “Ukuta huu.” “Na hizi?” “Kuta hizi.” Akagusa ufagio. Binti akatazama kadi, akatazama kikapu, midomo ikicheza bila sauti. “Ufagio huu… fagio hizi!” Haikutosha. Sharti la mchezo ni sentensi nzima kabla kadi haijaingia kikapuni. “Ufagio huu umekatika. Fagio hizi zimekatika.” Ndipo akaitumbukiza, na darasa likapiga makofi.

Nilirudi nyumbani na uchungu. Mtoto yule hakubuni kosa lake, amelisikia kwetu. Sisi ndio tunaosema funguo yangu imepotea, kucha yangu imevunjika, huku ufunguo na ukucha tukiwaachia watunga mitihani. Tumeula umoja, tukaufanya wingi kuwa umoja, kisha tukaubandika “ma” ili tupate wingi mwingine. Bibi yangu alikuwa akiokota unywele mmoja kwenye chakula na kuutaja hivyo hivyo, unywele, na hakuwahi kukaa darasani. Siku hizi nasikia “nywele moja” hata redioni.

Mwalimu yule ana dakika 40 na vikapu vinne. Saa zilizobaki za siku ni zetu. Mzazi mwenzangu, jioni ya leo ukimtuma mwanao afagie uani, mwambie alete ufagio.